Barua ya benki usiiweke kwenye faili bado

"Mama shikamoo, benki wamenipa barua kwamba akaunti imefungwa, salio la mwisho wameandika 384,700. Naiweka tu kwenye faili au kuna kitu cha kuangalia?"

Marahaba mwanangu. Usiiweke bado, chukua kalamu na ile steitimenti uliyonitumia juzi ukae nazo chini.

Steitimenti inaishia 425,000. Toa gharama ya kufunga, elfu kumi na VAT yake 1,800, inabaki 413,200. Sasa barua inasema 384,700, pungufu 28,500, na barua haisemi hiyo hela imeenda wapi. Mi nimeipata kule chini ya steitimenti, ile ya supamaketi uliyolipa kwa kadi Ijumaa, ilikuwa imeandikwa inasubiri, yaani benki wameizuia tu ila hawajaikata. Kwa hiyo hesabu inakaa, ila tafuta risiti uone kama kweli ni 28,500, halafu waulize tawini kama kuna muamala mwingine unasubiri, maana malipo ya kadi yanaweza kuchelewa siku kadhaa ndo yafike benki, na yakifika akaunti ishafungwa watakuja kukudai wewe. Wakupe jibu kwa maandishi, hata imeili inatosha.

Kadi nazo. Barua imetaja moja tu, inayoishia 4417, na wewe ulikuwa na mbili, ile ya zamani uliyosema imepotea ukapewa nyingine. Mwambie dada wa kaunta akuangalizie kama ile ya kwanza ilifungwa kweli, na akuandikie namba nne za mwisho za zote mbili. Uliyonayo ikate na mkasi upitishe katikati ya chipu.

Sasa hapa kwenye standing oda ndo nataka utulie kabisa. Barua inasema "maagizo yote ya malipo yamesitishwa", sawa, lakini kusitishwa sio kuhamishwa mwanangu. Mimi nilipohama benki nilisoma sentensi kama hiyo nikaona kazi imeisha, kumbe marejesho yangu ya saccos yaliyokuwa yanatoka kila tarehe 28 hayakwenda miezi miwili, hakuna aliyenipigia, nikaja kushtukia faini. Iliniuma sana kwa sababu hela nilikuwa nayo, imekaa tu akaunti mpya. Kwa hiyo waombe orodha ya kila standing oda, kiasi chake na tarehe iliyolipa mara ya mwisho, halafu wewe mwenyewe uzifungue upya huku ulikohamia. Kodi ya chumba inatoka tarehe 1 si ndio? Anza na hiyo.

Na ule muziki unaolipia kila mwezi kwenye simu hautauona kwenye orodha yao, ule unakata kwa namba ya kadi, ingia kwenye app yenyewe utoe kadi ya zamani.

Kesho wanafungua saa mbili na nusu, nenda na kitambulisho.

Mama