Nyumba ya milioni 96 Mbagala: kodi italipa mkopo?

> "Nina milioni 36, benki inanipa 60 kwa riba ya 17%, miaka 5. Nyumba ina wapangaji wanne, kila mmoja 250,000 kwa mwezi. Ninunue?"

Kwa mkopo huo, hapana ndugu yangu. Dalali atakuambia inaingiza milioni 12 kwa mwaka, yaani 12.5% ya bei. Lakini mpangaji akihama, kupaka rangi na kupata mwingine huchukua wiki kadhaa. Ukihesabu kila upande utakaa mtupu mwezi mmoja kwa mwaka, inabaki milioni 11. Tenga milioni 1.2 za matengenezo (shimo la choo, mabati, pampu), kisha kodi ya serikali 10%, milioni 1.1. Unabaki na 8.7, sawa na 9%.

Sasa itazame kwa mwezi: nyumba inakupa 725,000, na riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 850,000. Rejesho zima ni kama milioni 1.49. Kila mwezi utatoa takriban 766,000 mfukoni, kwa miaka mitano, hata kama wapangaji wote wanalipa.

Ningekuwa wewe ningetafuta kiwanja na kujenga pande mbili kwa hizo 36, msingi wa nyingine mbili ukiwa tayari, halafu kodi ya miezi sita inayolipwa kwa mkupuo iendeleze ujenzi. Ni polepole, ila hakuna benki inayoshika hati yako.

Kabla ya yote, waulize wapangaji wenyewe wanalipa ngapi na wamekaa muda gani. Usimuulize muuzaji.