Laini mpya, madeni ya mtu mwingine

Swali: "Mwezi Machi nilinunua laini mpya hapa Morogoro nikaisajili kwa alama za vidole. Tangu wiki ya pili napokea bili ya maji ya mtu nisiyemjua, pamoja na meseji za kampuni ya mikopo ya mtandaoni zinazomtaja mtu huyo kwa jina na kumdai Sh 38,000. Jana wameandika kwamba wataniweka kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Je, nilipe tu yaishe? Kijana mmoja wa kibandani anasema anaweza kuisafisha namba kwa Sh 20,000."

Jibu: Usilipe, na huyo kijana usimpe chochote, si fedha wala namba yako ya NIDA. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la malalamiko la kampuni ya simu, na karibu kila aliyeniletea jambo hili alikuja akiamini kwamba deni limo ndani ya namba, kama vile anunuaye gari lililotumika anavyoweza kukuta faini za barabarani za mwenye gari wa kwanza. Namba ya simu haiko hivyo. Aliyekopa ni mtu, naye hutambuliwa kwa jina na kitambulisho chake. Namba iliandikwa kwenye maombi ya mkopo kama anwani ya kumpatia, na anwani hiyo sasa ina mpangaji mwingine.

Chanzo cha usumbufu ni kwamba kampuni ya simu, inapoifunga laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika na baadaye kuiuza tena, hubadilisha kumbukumbu zake yenyewe tu. Usajili unakuwa wako na akaunti ya pesa inafunguliwa kwa jina lako, lakini mkopeshaji, mamlaka ya maji na shule ya watoto wa mwenye namba wa zamani hawapewi taarifa yoyote. Kila mmoja ataendelea kutuma ujumbe kwenye namba aliyonayo mpaka mtu amwambie.

Kuhusu tishio la orodha ya wadaiwa, lisome tena kwa utulivu. Kampuni hiyo inamtaja mtu mwingine kwa sababu hilo ndilo jina pekee ililo nalo. Taarifa za wakopaji nchini hutunzwa na taasisi zenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, nazo humtafuta mtu kwa jina na kitambulisho chake, kwa hiyo hakuna namna ya kukuandika wewe bila kukujua. Njia ya haraka ya kuwafanya wakujue ni kuwalipa, kwa maana malipo ya simu hubeba jina la mlipaji. Sh 38,000 zikitoka kwenye akaunti yako, jina lako litakaa kwenye kumbukumbu za mkopo ambao hadi jana haukukuhusu, na mfumo wao utaona kwamba namba hiyo inapokea ujumbe na inalipa.

Mama mmoja aliyekuja dawatini kwangu alikuwa amelipa deni la namna hii, Sh 22,000, "ili nipate usingizi," kama alivyosema. Baada ya siku chache aliletewa ujumbe wa pongezi uliomjulisha mteja kwamba amelipa vizuri na kiwango chake cha kukopa kimepanda. Mwenye namba wa zamani alikuwa bado na programu ya mkopeshaji huyo kwenye simu yake, akaomba mkopo mpya, na fedha zikapelekwa kwenye namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu, yaani ya mama huyu, ambaye aliamka akakuta Sh 60,000 kwenye akaunti yake. Kwa bahati hakuzigusa, na tukamwandikia mkopeshaji azirudishe. Angezitumia, ile kauli yake kwamba deni halimhusu ingekuwa ngumu kuitetea, kwa kuwa safari hii fedha alizipokea yeye mwenyewe.

Unachotakiwa kufanya si kikubwa. Nenda kwenye duka la kampuni yako ya simu, siyo kwa wakala wa mwavuli, ukaombe uthibitisho wa maandishi wa tarehe ambayo namba ilisajiliwa kwa jina lako. Kwa bili ya maji, angalia kwenye ujumbe namba ya akaunti ya mteja au ya mita, kisha uipeleke ofisi ya mamlaka ya maji wakaiondoe namba yako ya simu kwenye akaunti hiyo; bili itaendelea kumfuata mwenye mita. Mkopeshaji mjibu mara moja tu, kwa maneno machache:

"Namba hii ilisajiliwa kwa mtu mwingine tangu Machi. Mimi si mteja wenu. Iondoeni kwenye kumbukumbu zenu."

Usiongeze jina wala picha ya kitambulisho, hata wakikuomba ili "kuthibitisha" kwamba wewe si yeye. Wakiendelea, peleka barua ofisini kwao ukiambatanisha uthibitisho ule baada ya kufunika namba ya kitambulisho, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Wakikaidi, malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Benki Kuu nayo ijulishwe kama kuna vitisho. Kabla ya hapo, hakiki kama kampuni hiyo ina leseni: mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na ukimkuta mdai wako humo, barua ya kiungwana haina maana, nenda Benki Kuu moja kwa moja.

Nirudi kwa kijana wa kibandani, kwa sababu watu wa aina yake wamenichosha kuliko wakopeshaji wenyewe. Hakuna mtu mtaani mwenye uwezo wa kuingia kwenye kumbukumbu za mkopeshaji na kuifuta namba yako. Mara nyingi atakachofanya ni kumzuia mtumaji kwenye simu yako, jambo ambalo ungelifanya mwenyewe kwa kugusa vitufe viwili, kisha atadai Sh 20,000 zake. Huyo ndiye mwizi mdogo. Mwizi mkubwa atakuambia kwamba kuisafisha namba kunahitaji isajiliwe upya, atakuomba namba ya NIDA na kidole, kisha atasema alama haijasoma, weka tena. Kidole cha kwanza kilisoma vizuri. Cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo inaweza kuuzwa kwa mtu anayetaka kutapeli au kukopa bila kuonekana. Ulikuja ukiwa na deni lisilo lako, unaondoka ukiwa na laini usiyoijua ambayo madeni yake yatakuwa kwa jina lako kabisa.

Kama tayari umeweka kidole kwake, piga *106# leo hii uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni yenye laini hiyo, uikane na uhakikishe imefungwa ukiwa bado umesimama kaunta.