Kuuza Nyumba Ambayo Haijasimama: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Chapa

Ninyi mnaoanza kazi ya kutunza chapa ya mwendelezaji wa milki mtakabidhiwa kwanza nembo, rangi na picha za kompyuta zinazoonyesha nyumba zilizozungukwa na bustani. Vitu hivyo vina nafasi yake, lakini mtu anayelipia nyumba ambayo haijajengwa hana cha kugusa wala cha kukagua, na kinachomfanya atoe fedha ni kuamini kwamba siku fulani atakabidhiwa ufunguo. Kwa uzoefu wangu, tarehe ya makabidhiano inastahili kushughulikiwa kabla ya tangazo lolote kutoka.

Tuchukue mradi wa nyumba 30 ambao mkandarasi anasema ataumaliza kwa miezi 14. Watu wa mauzo watataka miezi hiyo 14 iandikwe kwenye bango, nawe usikubali kabla ya kuuliza inaishia wapi. Mara nyingi inaishia kwenye rangi ya mwisho. Baada ya hapo kuna barabara za ndani na kuunganisha maji na umeme, tuseme miezi miwili, kisha ukaguzi na kibali cha kuhamia, mwezi mmoja, kisha marekebisho ya kasoro, mwezi mwingine. Tarehe ya kutangazwa ni mwezi wa 18, na tangazo lieleze kwamba kukamilika maana yake ni nyumba yenye maji, umeme na kibali. Mkataba nao useme vivyo hivyo, kwa sababu mnunuzi mwenye wasiwasi huweka kipeperushi na mkataba kando kwa kando, na tofauti ndogo kati yake humtosha kuwaonya ndugu zake.

Mauzo yakishaanza, taarifa ya ujenzi ya kila mwezi ndiyo itakayobeba chapa yako. Chagua sehemu tatu au nne za eneo la ujenzi na upige picha ukisimama palepale kila mwezi, ili msomaji aone mwenyewe ukuta ulivyopanda kutoka msingi hadi linta. Andika tarehe juu ya picha, taja idadi ya nyumba zilizofikia kila hatua, na taja pia kile kilichopangwa ambacho hakikufanyika. Picha ya kompyuta isiwekwe humo kamwe, na popote pengine inapotumika iandikwe wazi kwamba ni mchoro. Ukiona wateja wameanza kuomba picha nje ya taarifa, au wanatuma jamaa kwenda kuchungulia uzioni, jua kwamba hawaiamini tena taarifa yako, hata kama hakuna aliyelalamika.

Sasa tuseme mwezi wa nne wa ujenzi maji ya ardhini yanajaa kwenye mitaro ya msingi wa nyumba nane, na mhandisi anaagiza msingi usanifiwe upya. Hapa wengi hunyamaza wakitumaini kufidia muda mbele ya safari, na kwa maoni yangu hakuna jambo linaloharibu jina la kampuni kwa haraka kuliko ukimya huo, kwa kuwa mafundi hurudi nyumbani jioni na habari hutoka nao. Waandikie kwanza wenye nyumba zile nane, kabla ya wengine: kilichotokea, mhandisi aliamua nini, makabidhiano yao yamesogea kwa wiki sita, tarehe mpya ni ipi, na mkataba unawapa haki gani kwa ucheleweshaji huo. Wale 22 waambiwe kwamba nyumba zao hazikuguswa. Wiki hizo sita zitoke kwa mhandisi na mkandarasi, wala zisipunguzwe ili barua isomeke vizuri, kwa sababu tarehe ikisogezwa mara ya pili, tarehe ya tatu haitasadikiwa.

Fedha nazo zina sauti katika chapa. Dai la awamu likienda kwa mteja, liambatane na cheti cha mhandisi kinachothibitisha kwamba hatua inayolipiwa imefikiwa. Sheria ya India ya mwaka 2016 inawataka waendelezaji waweke asilimia 70 ya fedha za wanunuzi katika akaunti ya pekee ya mradi, zitolewe kwa kadiri ya ujenzi uliothibitishwa na mhandisi, msanifu majengo na mhasibu. Hata pale ambapo sheria haidai hivyo, kampuni inaweza kujifunga yenyewe na kulieleza jambo hilo katika mkataba. Lakini usilitangaze mpaka umethibitisha kwamba akaunti imefunguliwa na uone masharti ya kutoa fedha.

Kwa viwanja kazi ni fupi zaidi. Mpe mnunuzi namba ya kiwanja, nakala ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na namba za bikoni, umwoneshe bikoni hizo zikiwa ardhini, kisha umwelekeze kwenye ofisi ya ardhi akafanye upekuzi wa hati mwenyewe kabla ya kulipa chochote.