Je, urefu unaweza "kutawanyika zaidi" kuliko uzito?

*Mwalimu, naandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu ukuaji wa watoto. Majedwali ya Shirika la Afya Duniani yanaonyesha kuwa mvulana anapozaliwa urefu wake wa wastani ni sm 49.9, na mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho watoto kwa kawaida hutofautiana na wastani huo, ni sm 1.9. Uzito ni kilo 3.3, na mkengeuko nimeukadiria kuwa kilo 0.5. Nikaandika: "Urefu wa watoto wachanga unatawanyika zaidi kuliko uzito wao." Mhariri ameipigia mstari mwekundu bila maelezo. Kosa liko wapi, na niandikeje?*

Mhariri ameona sawasawa, ingawa angekutendea haki kwa kukueleza. Sarufi ya sentensi yako haina kasoro. Tatizo liko kwenye neno "kuliko". Unaposema kitu kimoja kinazidi kingine, msomaji anachukulia kwamba vyote viwili vimepimwa kwa kipimo kimoja, na wewe umeweka sentimita upande huu na kilo upande wa pili. Sentimita 1.9 si nyingi wala si chache kuliko kilo 0.5. Hazikutani popote.

Jaribu kubadilisha vipimo uone sentensi yako inavyogeuka. Andika urefu kwa mita na uzito kwa gramu. Mkengeuko wa urefu sasa ni 0.019, na wa uzito ni 500. Kwa hoja uliyoitumia, uzito ndio uliotawanyika zaidi, tena kwa mbali sana. Watoto ni walewale, na hakuna aliyerefuka wala kunenepa. Dai linalopinduka kwa sababu tu mwandishi amebadilisha kipimo lilikuwa linazungumzia kipimo chenyewe, wala halikuwa linazungumzia watoto. Ukikutana na "kuliko" katika maandishi yoyote ya takwimu, fanya jaribio hili kwanza.

Usidhani pia kwamba vipimo vikiwa sawa basi hatari imekwisha. Uzito wa mama na uzito wa mtoto vyote huandikwa kwa kilo, lakini nusu kilo kwa mama mwenye kilo 60 haionekani hata kwa macho, ilhali kwa mtoto wa kilo 3.3 nusu kilo ni jambo ambalo muuguzi ataliona mara moja. Kipimo ni kimoja, ila ukubwa wa vitu vinavyopimwa haulingani.

Unachohitaji ni kuuliza mtawanyiko ni sehemu gani ya wastani wake. Gawanya mkengeuko sanifu kwa wastani, kisha zidisha kwa 100. Sentimita hugawanywa kwa sentimita na kilo kwa kilo, kwa hiyo kipimo hujiondoa na asilimia tupu hubaki. Asilimia hiyo mimi huiita kizigeu cha mtawanyiko. Aliyeipendekeza ni mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson, mwaka 1896, alipokuwa akichunguza tofauti za viumbe na urithi, na katika programu za kompyuta utaikuta kwa herufi CV.

Tuanze na urefu. 1.9 kugawanya kwa 49.9 ni 0.038, yaani asilimia 3.8. Kwa uzito, ukitumia namba ulizoniandikia, 0.5 kugawanya kwa 3.3, utapata asilimia 15.2. Hapo subiri kidogo, maana namba zako zimekwisha kukadiriwa. Majedwali yenyewe yanatoa uzito wa katikati kuwa kilo 3.3464, na mkengeuko wake ni kama kilo 0.49. Ukigawanya hizo unapata asilimia 14.6. Kukadiria mapema kumekuongezea zaidi ya nusu ya asilimia moja bila wewe kujua. Kwa hiyo kwanza gawanya kwa tarakimu zote ulizonazo, halafu ndipo ukadirie jibu.

Majedwali hayo pia yanakupa njia ya kujihakiki. Yalitolewa mwaka 2006 kutokana na utafiti wa watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Katika toleo lake refu kuna safu tatu zilizoandikwa L, M na S, na wengi huziruka kwa kuwa haziwahusu wazazi. M ni thamani ya katikati. L hurekebisha mwinamo wa data, yaani kuelemea kwake upande mmoja. S ndiyo hasa kizigeu tunachokizungumzia, ila kimeandikwa kwa desimali na kukokotolewa baada ya marekebisho ya L. Kwa wavulana wanapozaliwa, S ya urefu ni 0.03795 na S ya uzito ni 0.14602. Linganisha na tulichokipata: 3.8 na 14.6. Jibu ulilokuwa ukilitafuta lilikuwa limechapwa kwenye jedwali ulilokuwa nalo.

Ikiwa una vipimo vya watoto wa kliniki yako mwenyewe, vimeorodheshwa tuseme katika safu B ya jedwali la kompyuta, fomula ni hii:

```
=STDEV.S(B2:B41)/AVERAGE(B2:B41)
```

Seli yenye jibu iweke katika mtindo wa asilimia, maana bila hivyo utaona 0.146 na kuiandika kama asilimia 0.146, kosa ambalo nimelikuta katika ripoti nyingi.

Sasa tuje kwenye sentensi. Ningeandika hivi: "Ikilinganishwa na wastani wake, uzito wa wavulana wanapozaliwa hutawanyika zaidi kuliko urefu wao: kizigeu cha mtawanyiko ni asilimia 14.6 kwa uzito na asilimia 3.8 kwa urefu." Maneno yanayobeba mzigo ni "ikilinganishwa na wastani wake". Usiyaondoe kwa sababu ya kubana nafasi, kwani ndiyo yanayoipa "kuliko" haki ya kuwepo. Ukiyaondoa, unarudi kwenye kilo na sentimita.

Angalia pia namna unavyotaja pengo lenyewe. Ukitoa 3.8 katika 14.6 unabaki na 10.8, na utashawishika kuandika kwamba uzito hutawanyika "kwa asilimia 10.8 zaidi". Msomaji ataelewa kwamba mtawanyiko wa uzito umeupita wa urefu kidogo tu, kama vile 100 inavyopitwa na 110.8. Ukweli ni kwamba 14.6 ni karibu mara nne ya 3.8. Basi andika "karibu mara nne ya ule wa urefu". Nami hukwepa "mara nne zaidi", kwa sababu wapo wanaoisoma kama mara nne na wapo wanaoisoma kama kile cha awali kikiongezewa mara nne, yaani mara tano. "Mara nne ya" haina njia mbili.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa uliweke katika kijitabu chako, maana wasomaji watauliza: kwa nini uzito uwe na mtawanyiko mkubwa kiasi hicho? Wepesi wa kujibu ni kusema uzito "hautabiriki" au unategemea sana lishe ya mama. Kabla ya kufika huko, kumbuka kwamba urefu ni mstari mmoja, ilhali uzito hufuata ujazo wa mwili: urefu, upana na unene. Chukua watoto wawili wenye umbo moja kabisa, mmoja akiwa mrefu kwa asilimia 4. Kama upana na unene navyo vimeongezeka kwa asilimia 4, uzito wake unakuwa 1.04 × 1.04 × 1.04, yaani 1.125. Tofauti ya asilimia 4 katika urefu imekuwa asilimia 12 na nusu katika uzito, na hakuna aliyekula vizuri kuliko mwenzake. Kwa kanuni hiyo, kizigeu cha asilimia 3.8 katika urefu kingetoa kitu kama asilimia 11.4 katika uzito kwa sababu ya maumbile ya ujazo peke yake. Watoto hawana umbo moja, kwa hiyo hesabu hii ni makisio, lakini inakuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ile 14.6 haihitaji kutafutiwa sababu ya kitabibu. Kizigeu kinaruhusu ulinganisho, ila hakisemi kwamba vitu viwili vinavyolinganishwa ni vya aina moja.

Mpaka wa kizigeu hiki upo kwenye sifuri. Kilo sifuri maana yake hakuna uzito, na sentimita sifuri maana yake hakuna urefu. Pale ambapo sifuri imewekwa kwa mapatano ya watu tu, kizigeu hakina maana, na mfano mzuri tunao sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine wote. Tuseme akina mama hufika kliniki kwa wastani saa 2 asubuhi, na mkengeuko ni nusu saa. Karani anayehesabu kwa saa ya Kiswahili atagawanya 0.5 kwa 2 na kupata asilimia 25. Mwenzake aliyenakili muda kutoka kwenye kompyuta ana 08:00, kwa hiyo atagawanya 0.5 kwa 8 na kupata asilimia 6.25. Wanawake ni walewale, foleni ni ileile, na kilichotofautiana ni mahali tulipoamua kuanzia kuhesabu saa. Joto la mwili lina ugonjwa huohuo: nyuzi za Selsiasi zitakupa kizigeu kimoja na za Farenhaiti kingine.

Hali ni mbaya zaidi kwa zile alama za z ambazo kliniki hutumia kuonyesha mtoto yuko juu au chini ya kiwango. Katika watoto wanaokua kama majedwali yanavyotarajia, wastani wa alama hizo hukaribia sifuri. Ukigawanya mkengeuko kwa namba iliyo karibu na sifuri utapata maelfu ya asilimia, na kama wastani umeteremka chini ya sifuri utapata asilimia hasi, kitu ambacho mtawanyiko hauwezi kuwa. Ukiona namba za namna hiyo katika safu ya CV, rudi uangalie kilichogawanywa.

Kwa hiyo katika sura yako ya kliniki, saa za kufika zieleze kwa dakika tu: "wastani saa 2 asubuhi, mkengeuko sanifu dakika 30". Muda wa kusubiri kwenye foleni ni habari nyingine. Huo huanzia sifuri halisi, yule aliyehudumiwa papo hapo, na unaweza kuulinganisha na uzito au urefu kwa kizigeu bila wasiwasi.