Posti moja, kategoria moja

"Wakuu, blogu yangu ya WordPress ina mapishi, afya, kilimo na safari. Nataka kila posti niitie kategoria tatu nne ili ionekane zaidi, halafu niweke ule mstari wa juu wa Mwanzo › Kategoria › Posti. Plagini gani nzuri, na anwani ziwe na jina la kategoria au zisiwe?"

Toa mkono kwenye hizo tiki, mkuu. Mimi nilifanya hivyohivyo, tena nilimlipa mtu anifundishe. Jamaa alijiita mtaalamu, akaniambia kila kategoria ni mlango wa Google. Nikafungua milango 38. Wali peke yake ulikuwa na kategoria, ndani posti mbili. Mlango upo, nyumba hakuna.

Posti ya pilau niliitia Afya, Mapishi, Sikukuu na Wali. Nilipowasha ule mstari ukasoma Mwanzo › Afya › Pilau ya nyama. Pilau yenye samli kikombe kizima! Kumbe WordPress inazipanga kategoria za posti kialfabeti, na kiolezo changu kilikuwa kinachukua ya kwanza tu. Afya inatangulia Mapishi, basi nusu ya jikoni yangu ikahamia hospitali. Msomaji akibofya hapo juu atafute mapishi mengine, anakutana na makala za presha. Roboti wa Google naye anafuata kiungo hichohicho.

Hiyo ilikuwa aibu tu. Hasara ilikuja nilipoamua kusafisha, usiku mmoja nikafuta kategoria 30 kwa mkupuo. Mtaalamu aliniambia posti hazifutiki, na kweli hazikufutika. Alichonificha ni kwamba posti isiyobakiwa na kategoria yoyote inatupwa kwenye ile ya chaguo-msingi, kwangu Uncategorized, na ukurasa wa kategoria iliyofutwa unageuka 404. Viungo vya /category/wali/ ambavyo watu walishatumiana WhatsApp vikafa vyote. Search Console, kwenye ripoti ya kurasa, ikajaa 404. Nikampigia mtaalamu. Naye hapatikani, 404.

Ningekuwa na akili, ningehamishia posti Mapishi kwanza, nikafuta kategoria, na papo hapo nikaweka hii kwenye .htaccess (seva yangu ni Apache):

```
Redirect 301 /category/wali/ /category/mapishi/
```

Kwa hiyo posti moja, kategoria moja. Pilau ni Mapishi, basi; sikukuu na wali viwe lebo. Ukikwama, jiulize msomaji akimaliza posti hii atataka kusoma nini tena, hapo ndipo kwao. Una mada nne, anza na kategoria nne, na usifungue kategoria ndogo chini ya Mapishi kabla hujawa na posti kama kumi za kuijaza.

Kama umeshatia tiki nyingi, ingia Quick Edit uzitoe sasa, kabla ya kugusa huo mstari. Posti zangu 210 zilinila wikendi mbili, na mke wangu bado anauliza nilikuwa nachati na nani.