Alikopa au alikomba? Maswali yenu kuhusu hati za kale

Nimesoma chuoni na Kurani naisoma bila shida, lakini barua ya babu kutoka Lamu, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, inanishinda. Kwa nini?

Irabu za Kiarabu ni tatu, zetu ni tano. Kasra hubeba i na e, dhamma hubeba u na o. Konsonanti nazo zimejazana: katika hati nyingi za zamani be husomwa b, p au mb, fe ni f au v, na ghaini hubeba hata g na ng. Msomaji wa barua ile alikuwa anajua habari yenyewe, basi hayo hayakumtatiza.

Kuna mahali shangazi anasoma "alikopa reale", mjomba anasema "alikomba". Nani yuko sahihi?

Kwa herufi peke yake, wote wawili. Kafu yenye dhamma, wau ya kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho, kisha be yenye fataha: hapo panaingia kopa, komba, na hata kumba. Wau haiwasaidii, maana huonyesha mvuto tu, haisemi kama ni o au u.

Uamuzi uko kwenye mkono wa mwandishi. Tafuta katika ukurasa huohuo maneno yasiyo na ubishi, kama "kwamba" na "mambo". Akiandika mimu kabla ya be kila mara, basi neno lenu lisilo na mimu huenda ni alikopa. Kama hata "kwamba" ameiandika bila mimu, hoja hiyo imekufa. Tazama pia "pesa" au "kupata": wapo walioweka nukta tatu chini kwa p, na kama ni desturi yake, be ya nukta moja inampa mjomba nguvu. Kisha soma mbele. Akitaja deni au siku ya kulipa, shangazi ameshinda.

Ikibaki shaka, msipige kura. Andikeni "aliko[p]a (?)", na chini ya ukurasa: "be, nukta moja, pia alikomba, alikumba". Mabano ya mraba yaonyeshe herufi mliyoichagua wenyewe, na mueleze hivyo mwanzoni mwa nakala.

Babu ameandika "mato" na "ndia". Nisahihishe?

La, hicho ni Kiamu, si makosa. Acha mato na ndia, eleza macho na njia pembeni. Mimi huwa na wasiwasi na nakala ya Lamu inayosomeka kama gazeti la Dar es Salaam.

Doa limefuta nukta za neno zima. Nikisie?

Be, te, nuni na ye zikiwa katikati ya neno hutofautiana kwa nukta tu, hivyo meno matupu, yaani vijino vya herufi vilivyobaki bila nukta, hayasomeki. Weka [...], taja idadi ya meno unayoyaona, na piga picha mwanga ukitoka ubavuni: mara nyingine kalamu huacha mkwaruzo hata wino ukipotea.