Mwalimu mgeni, uchore ubao kwenye daftari kabla hujashika chaki

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa Hisabati Darasa la Tano, wanafunzi 78 katika chumba kimoja. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu mchanganyiko. Mfano wangu ulikuwa 2 3/4 + 1 5/6, na nilikuwa nimeufanya mara mbili nyumbani ili nisibabaike. Nilipoingia nikaanza kuandika juu kushoto, maelezo marefu, kisha swali, kisha hatua. Nilipofika kwenye kujumlisha viasi ubao ulikuwa umejaa. Nikachukua dasta, nikafuta sehemu ya juu, nikaendelea.

Jioni nikasahihisha madaftari. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na jibu 1 7/12. Jibu sahihi ni 4 7/12. KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, waliipata, asili walizilinganisha, viasi walijumlisha vizuri, ila namba nzima zote zilipotea. Niliyatazama madaftari yale muda mrefu kabla sijaelewa. Mstari nilioufuta ndio uliokuwa umeandikwa 2 + 1 = 3. Watoto walipofika mwisho wa swali lao waliinua macho kutafuta kinachofuata, na ile 3 haikuwepo tena.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayeanza kazi au uliye kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP: ukikuta kosa la aina moja, mahali pamoja, katika madaftari mengi, kabla ya kusema watoto hawasikilizi, jiulize nini kilikuwa kimefutwa wakati wakifanya zoezi. Daftari la mwanafunzi ni picha ya ubao wako.

Tangu siku hiyo andalio langu la somo lina ukurasa mmoja wa ziada, nao ni mchoro wa ubao. Natumia daftari la hisabati lenye miraba. Ubao wetu ulikuwa na upana wa sentimita 240 na kimo cha sentimita 120, basi nikaamua mraba mmoja uwe sentimita 10. Nikachora mstatili wa miraba 24 kwa 12. Pima wa kwako kwa rula ya mita siku ya kwanza kabisa, maana mbao hazifanani, na ule wa saruji uliopakwa rangi ukutani mara nyingi una nyufa au kipande kisichoshika chaki. Kipande hicho kitie alama ya X kwenye mchoro, usikipangie kitu.

Kisha nenda ukakae dawati la mwisho, pembeni kabisa, upande wa dirisha na upande wa pili. Nilipokaa pale mara ya kwanza niligundua mambo mawili. Safu ya chini ya ubao, kama sentimita 30, isingeonekana kabisa kutoka pale, kwa sababu ingefunikwa na vichwa vya watoto wa mbele. Na asubuhi, jua likiingia dirishani, ukanda mmoja wa ubao ulimeremeta kama kioo. Rangi iliyopakwa ilikuwa ya mafuta, yenye kung'aa. Kwenye mchoro wangu nikaipiga mistari ile miraba 3 ya chini. Ikabaki kimo cha miraba 9.

Sasa herufi. Katika darasa lenye urefu wa mita 8 hivi, naandika herufi zenye kimo cha vidole vitatu vilivyobanwa pamoja, yaani kama sentimita 5. Kwa ukubwa huo kila herufi pamoja na nafasi yake inakula kama sentimita 4 za upana. Mstari wa maneno unahitaji mraba mmoja kwenda chini. Sehemu, kwa kuwa ina kiasi juu na asili chini, inahitaji mraba mmoja na nusu. Walimu wengi wapya wanakwama hapa: wanabana sehemu ndani ya mstari wa kawaida, na mtoto wa nyuma anasoma 3/4 kama 34.

Ukishajua vipimo hivyo, panga kuanzia mwisho. Jiulize: kengele inapokaribia kulia, mtoto akiwa anafanya swali la tatu peke yake, atainua macho kutafuta nini? Hicho ndicho kisichofutwa, na hicho ndicho cha kwanza kupewa nafasi kwenye mchoro. Walimu wa Japani wana neno la kazi hii, bansho, na mazoea yao ni kwamba kilichoandikwa katika kipindi kinabaki ubaoni mpaka kipindi kiishe, ili somo zima lionekane kwa mtazamo mmoja. Sisi wenye ubao mdogo na kipindi cha dakika 40 hatuwezi kubakiza kila kitu. Lakini hatua tunaweza kuzibakiza.

Mfano wangu ule ule nikaupanga upya hivi. Mstari wa kwanza wa miraba, tarehe na mada. Chini yake ubao unagawanyika mara tatu kwa mistari miwili ya wima: kushoto miraba 6, katikati 12, kulia 6. Kushoto ni majina ya hatua. Katikati ni mfano. Kulia ni uwanja wa kufuta na kuandika.

Upana wa miraba 6 unabeba herufi kama 15 tu. Hapo nililazimika kukata maneno. "Badili sehemu zote ziwe na asili inayofanana" haiingii hata ukiibana, na hata ingeingia mtoto asingeisoma mara mbili. Nikaandika "Asili moja". Hatua zikawa tano: Namba nzima, Tafuta KDS, Asili moja, Jumlisha, Unganisha. Kila hatua mraba mmoja na nusu, jumla miraba 7 na nusu, ndani ya miraba 8 iliyobaki chini ya kichwa cha somo. Ukiona hesabu hiyo haitoshi, punguza mfano kabla hujapunguza herufi. Sehemu zenye asili 4 na 6 zinafundisha jambo lile lile linalofundishwa na 18 na 24, nazo zinakula nafasi ndogo zaidi.

Katikati, kila hatua ya mfano inakaa kimo kimoja na jina lake la kushoto. Mkabala na Namba nzima ni 2 + 1 = 3, na hiyo 3 naizungushia duara la chaki ya njano. Mkabala na Tafuta KDS naandika vigawe, 4, 8, 12 na 6, 12, ili mtoto anayeuliza "Mwalimu, hiyo 12 imetoka wapi?" aoneshwe kwa kidole bila kufutiwa mwenzake. Mkabala na Asili moja naandika kuzidisha kote, juu na chini: 3 × 3 juu ya 4 × 3, na 5 × 2 juu ya 6 × 2, halafu 9/12 + 10/12. Mstari huu ndio mrefu kuliko yote, kama herufi 22, na katikati panabeba 30. Usiufupishe. Mtoto asipoona kiasi kikizidishwa, atabadili asili peke yake na kuandika 3/12. Jumlisha ni 19/12 = 1 7/12. Unganisha ni 3 + 1 7/12 = 4 7/12, na hapo nazungushia ile 3 duara lingine la njano. Maduara mawili ya rangi moja, la juu na la chini. Mtoto anaona bila kuambiwa kwamba ni 3 ile ile.

Rangi nyingine niliziacha. Chaki nyekundu na ya bluu zinapendeza ukiwa mita moja kutoka ubaoni, ila kutoka dawati la mwisho zinazama kwenye weusi. Nyeupe kwa kila kitu, njano kwa jambo moja tu katika somo.

Mchoro ukiwa tayari, usiandike vyote kabla watoto hawajaingia. Nilijaribu, nikidhani naokoa muda. Walifungua madaftari wakaanza kunakili kimya, na nilipokuwa naeleza hatua ya pili hakuna aliyekuwa ananitazama. Siku hizi natangulia kuchora mistari miwili ya wima, kichwa na swali. Hatua inaandikwa inapofikiwa. Kiranja wa darasa anajua kufuta ubao mwalimu aliyetangulia akitoka, ila mfundishe aulize kwanza kama wenzake wamemaliza kunakili, na afute kutoka juu kwenda chini, maana kusugua kwa kuzungusha kunatapanya vumbi na kuacha ukungu mweupe.

Mkono nao una adabu zake. Chaki mpya ivunje vipande viwili. Ndefu iliyosimama wima ubaoni hupiga kelele. Ilaze kidogo, na uizungushe vidoleni kila baada ya maneno machache ili ncha isiwe bapa, la sivyo mstari unaanza mwembamba na kuishia mnene. Ukitumia mkono wa kulia, mwili wako unafunika kile ulichomaliza kuandika sasa hivi. Kwa hiyo andika mstari mmoja, toka pembeni kabisa, hesabu moyoni mpaka kumi, ndipo useme. Dakika za kunakili ziwe zao. Ukieleza huku wakinakili, wanapoteza vyote viwili. Na usiandike juu ya ubao uliofutwa kwa maji kabla haujakauka, kwa sababu maandishi hayaonekani kwa dakika kadhaa na yakikauka yanakuwa magumu kufuta.

Upande wa kulia ndio unaookoa mpango wote. Mtoto akiuliza swali usilolitarajia, linajibiwa pale. Ukimwita mwanafunzi aje ubaoni, mchoree kisanduku pale pale, kimo cha bega lake, maana asipopewa mpaka ataandika herufi kubwa mpaka katikati ya mfano wako. Kikijaa, futa hicho. Dakika kumi za mwisho, kulia panafutwa pote na maswali ya zoezi yanaandikwa hapo, hatua zikiwa bado zimesimama kushoto.

Kuna kipindi mpango utavunjika, hasa ukiwa na ubao mbovu au wanafunzi zaidi ya mia. Ukilazimika kufuta katikati, futa ule mfano lakini majina ya hatua yaache, kisha andika mfano wa pili kwenye vimo vile vile.

Baada ya kengele, kabla ya kutoka, rudi dawati la mwisho usome ubao kama ulivyobaki. Mimi naulinganisha na mchoro wangu, na mchoro naurekebisha kwa penseli. Mwaka uliofuata, somo lile lile, nilipofika Unganisha sikusema neno, nilisogea tu pembeni. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, tunaichukua ile ya njano ya juu."